Mwaka Ambao Kupe Hakunyonya

Katika lugha zote ninazozielewa, mtoza ushuru ana jina la utani, na sijasikia hata moja la kumsifu. Huyu walimwita Kupe. Alikuwa amelizoea kiasi kwamba ukimwita kwa jina alilopewa na wazazi wake alichelewa kugeuka, kama mtu aliyesikia anaitwa mwenzake.

Nililala siku kadhaa katika chumba cha wageni mkabala na ofisi ya kijiji, nikarudi tena miezi kumi na nne baadaye. Mengine yaliyo katikati nimeambiwa na yeye mwenyewe, kidogo kidogo, maana hakuwa msemaji.

Alikaa katika chumba kimoja nyuma ya ofisi. Kitanda, jiko la mafuta, koti la kazi la rangi ya kijivu limetundikwa msumarini, na dirisha linalotazama soko. Mkewe alikuwa ameondoka miaka sita iliyopita kwenda mjini kumsaidia binti yao aliyejifungua. Alisema atakaa miezi mitatu. Mtoto alianza kutembea, akaja wa pili, na yule mama akawa hana tena sababu ya kurudi wala ugomvi wa kumfanya asirudi. Kila Jumapili walipigiana simu.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Na wewe je, huji tu huku? Huko unangoja nini?"

"Nina kazi," alikuwa akijibu, na hapo ndipo mazungumzo yalipoishia kila wiki.

Kazi yenyewe ilianza saa moja asubuhi. Soko lilikuwa na nafasi themanini na mbili, kila moja ikiwa na namba iliyoandikwa kwa chokaa kwenye saruji, na namba zilipofutika yeye ndiye aliyeziandika upya. Alianzia kwa wauza mboga, akapita kwa wauza viatu, akamalizia kwenye mabomba ya maji. Kila aliyetandika bidhaa alitoa sarafu moja, akapewa risiti. Kitabu cha risiti kilikuwa na karatasi pacha na kaboni katikati. Ya juu ilichanwa na kupewa mlipaji, ya chini ilibaki kitabuni kwa ajili ya mkaguzi. Nafasi ikiwa tupu aliandika kistari kwenye orodha yake. Vistari vitatu mfululizo kwenye namba ileile vilimfanya aulize. Kwa njia hiyo, pasipo kupenda umbeya, alijua nani ana homa, nani kafiwa, nani kagombana na mumewe akaenda kwao.

Namba thelathini na moja, karibu kabisa na bomba, ilikuwa ya Bibi Sindano. Aliuza sindano, nyuzi, vifungo, pini, na chumvi ya kupima kwa kijiko. Alikuwa bikizee mdogo, mkavu, mwenye ulimi. Ni yeye peke yake sokoni ambaye hakumwita Kupe.

"Mwanangu, leo sijauza kitu."

"Bibi, ni saa moja na nusu. Hakuna aliyeuza kitu."

"Basi rudi saa kumi."

"Saa kumi utaniambia umeshafunga."

"Kumbe unanijua vizuri. Haya, chukua, na uandike kwa mwandiko wa kusomeka, jana uliandika kama unakimbizwa."

Alilipa, akapokea risiti, na hapohapo akaikata vipande vinne kwa mkasi. Ndizo karatasi alizofungia sindano. Alisema ni ngumu kidogo, ncha haitoboi ovyo. Kwa hiyo wanawake wote wa kijiji walikwenda nyumbani na sindano zilizofungwa kwa mwandiko wa Kupe, na Kupe mwenyewe, ambaye hakujua kushona, alikuwa na sindano nane kwenye droo yake. Alikuwa akinunua moja kila alipokosa la kusema na hakutaka kuondoka bado.

Sasa niseme kodi zilivyofutwa. Kampuni moja ya ujenzi wa barabara ilihitaji kokoto, ikakikodi kilima cha kijiji kwa mwaka mmoja na kulipa kwa mkupuo. Hakuna aliyewahi kuona hundi yenye tarakimu nyingi vile. Mwenyekiti wa kijiji, mwanamume mchangamfu aliyependa kupigiwa makofi, aliitisha mkutano na kusema fedha ile inalingana na makusanyo yote ya kijiji kwa mwaka mzima, na zaidi kidogo. Akauliza, mbona tuwakamue watu mwaka huu? Ushuru wa soko, ushuru wa mnyama anapouzwa, kodi ya kiwanja na ada ya leseni za maduka, vyote vikasimamishwa kwa mwaka mmoja. Kodi za serikali kuu hawakuwa na mamlaka nazo, lakini hakuna pale aliyekumbuka kuwa huzilipa, kwa sababu zilikuwa zimejificha ndani ya bei ya sabuni na vocha. Makofi yalipigwa mpaka kuku wakakimbia.

Kupe alikuwa amesimama nyuma. Watu walimgeukia, wakamshika mkono, wakacheka.

"Sasa utanyonya nani, ndugu yangu?"

"Atakufa njaa huyu. Kupe bila ng'ombe ni mdudu tu."

Alicheka nao. Mwenyekiti alimhakikishia nusu mshahara kwa kulinda ofisi. Jioni ile alipanga vitabu vya risiti ambavyo havijatumika ndani ya kabati, akafunga, akaketi kitandani. Aliniambia hakuogopa njaa. Aliogopa saa moja asubuhi ya kesho yake, kwa sababu hakukuwa na mtu hata mmoja duniani aliyekuwa akimngoja.

Kesho yake, saa moja, alivaa koti akazunguka vilevile.

Hakuwa na kitabu. Alianzia kwa wauza mboga, akapita kwa wauza viatu, akasalimia, akaangalia nani yupo. Wiki za kwanza watu walifurahi kumwona, kama unavyofurahi kumwona mbwa aliyekuwa mkali akiwa amefungwa. Walimpa nyanya moja moja. Kwa Bibi Sindano alikaa zaidi.

"Hata wewe umefutwa?" alimuuliza.

"Nimesimamishwa, Bibi."

"Na mimi sasa nitafungia sindano kwa nini? Gazeti linachafua uzi. Hao waliofuta kodi hawakuniuliza."

"Umepata nafuu ya sarafu moja kila siku."

"Nimepata nafuu, nimekosa karatasi." Alilitazama koti lake. "Kifungo chako cha pili kinaning'inia. Kilete nikishikize kabla hakijaanguka."

"Kesho," alisema Kupe. Alitaka abaki na sababu ya kesho.

Watu walikuwa wametarajia bei zishuke. Kitunguu hakikushuka. Kupe alimuuliza muuza vitunguu mmoja kwa nini, akajibiwa kwa uvumilivu anaopewa mjinga: "Nikigawa ile sarafu kwa mafungu ninayouza kwa siku, kila fungu linapata nini? Hakuna hata pesa ndogo ya namna hiyo. Bora nimnunulie mtoto peremende." Na alisema kweli. Lakini kodi ya pango ilipanda. Wenye vyumba vinavyotazamana na soko waliona wapangaji wao hawalipi leseni tena, wakahesabu haraka kuliko wapangaji wenyewe, wakaongeza kodi ya chumba kwa kiasi kilekile, na mmoja zaidi ya hapo. Fundi cherehani mmoja alihama mwezi wa tatu. Alikuwa amepiga makofi sana siku ya mkutano.

Kisha wakaja wageni. Habari za soko lisilo na ushuru zilifika vijiji vya jirani, na wachuuzi wakaanza kumiminika alfajiri. Kwa muda lilikuwa jambo la kupendeza. Soko lilijaa, rangi zikaongezeka, mabasi madogo yakasimama pale yasiposimama zamani. Lakini nafasi zilibaki themanini na mbili. Zamani, aliyetandika eneo la watu wawili alilipa mara mbili, kwa hiyo kila mtu alijikunja. Sasa kujitanua hakukuwa na gharama. Watu wakaweka mawe usiku kushika nafasi, mawe yakasogezwa, watu wakashikana mashati. Namba za chokaa zikafutika, na hapakuwa na aliyetumwa kuziandika.

Aliyeelewa mapema kuliko wote alikuwa mfanyabiashara wa nafaka waliyemwita Mwenye Magunia. Alileta vibarua wake saa tisa usiku wakapanga magunia, mengine yakiwa na makapi tu, juu ya nafasi kumi na tano nzuri kuliko zote, zikiwemo zile za bombani. Asubuhi aliyetaka kutandika pale alimfuata yeye, na gunia likaondolewa kwa sarafu tatu.

Namba thelathini na moja ilikuwa miongoni mwa hizo.

"Lipa tatu, Bibi, gunia linaondoka sasa hivi," kibarua alisema. Kupe alikuwepo, amesimama na mikono mitupu.

"Za nini?"

"Za nafasi."

"Na karatasi utanipa?"

"Karatasi gani?"

"Huyu," Bibi Sindano alimwonyesha Kupe kwa kidole, "alichukua moja na akanipa karatasi. Wewe unachukua tatu na hunipi hata ya kupengea mafua."

Watu walicheka. Kibarua alicheka pia. Gunia halikuondoka. Kupe alimgeukia Mwenye Magunia aliyekuwa akinywa chai hatua chache mbele. "Hii nafasi ina mwenyewe," alimwambia.

"Iko wapi imeandikwa?"

Kupe alitazama chini. Kulikuwa na alama nyeupe kidogo, ungedhani ni kinyesi cha ndege.

"Kwenye vitabu vyangu. Miaka ishirini na mbili."

"Vitabu vyako vimelala, kaka. Mwaka huu hakuna ushuru, hujasikia? Mimi sitozi ushuru. Mimi nakodisha nafasi ya gunia."

Bibi Sindano alilipa tatu kwa wiki mbili. Kisha akahamia ukingoni, kando ya mtaro, ambako wateja hawakufika. Mwezi wa tano akakunja kitambaa chake na kuanza kuuzia nyumbani, chumba kimoja mwishoni mwa kichochoro nyuma ya soko. Kupe aliurefusha mzunguko wake mpaka kule. Sasa namba thelathini na moja ilikuwa mlango wa bati uliopakwa rangi ya buluu. Alibisha, akaulizwa nani, akasema ni mimi, akaambiwa wewe nani, wako wengi wanaoitwa mimi.

Mwezi huohuo barua ilitoka wilayani. Wilaya ilikuwa na utaratibu wa kukipa kila kijiji fungu kwa kadiri kilivyokusanya chenyewe. Kwa kila mia ya kijiji, wilaya iliongeza themanini. Mwenyekiti alikuwa ameilinganisha hundi ya kokoto na makusanyo ya kijiji, akasahau themanini. Alikuwa hazifikirii kwa sababu zilikuwa zikija tu, kila robo mwaka, kama mshahara wa mtu mwingine. Sasa makusanyo yalikuwa sifuri, na themanini za sifuri ni sifuri. Fedha ya kokoto iliyopaswa kutosha mpaka mwisho wa mwaka ilikuwa ikikaribia kwisha.

Kwanza aliondolewa mfagiaji wa soko. Choo cha soko kikafungwa kwa kufuli. Kisha mlinzi wa usiku. Nusu mshahara wa Kupe ikakoma bila barua yoyote; mwenyekiti alianza tu kupita upande wa pili wa njia.

Ukaletwa mchango wa hiari. Mwenyekiti alipita na daftari, mlango kwa mlango, na Ijumaa majina yalisomwa kwa sauti mbele ya ofisi. Nimeona watu wakidaiwa kwa njia nyingi, na hiyo ya hiari ndiyo inayoacha kovu. Ushuru ulimuuliza mtu ametandika au hajatandika, basi. Mchango ulimuuliza anawapenda wenzake kiasi gani. Waliotoa wakahesabu wasiotoa. Mjane mmoja alitoa zaidi ya uwezo wake kwa aibu. Mwenye Magunia alitoa kiasi kikubwa wiki ya kwanza, akapigiwa makofi, na hakutoa tena. Wiki ya nne daftari lilikuwa na majina sita. Uchafu ulibaki palepale na sasa ulikuwa na wa kulaumiwa.

Siku moja muuza nyama alinunua mbuzi wawili kwa mgeni. Siku ya pili mwenye mbuzi akatokea na kusema wameibwa. Zamani risiti ya ushuru wa mnyama ingeonyesha nani kauza, nani kanunua, rangi, na alama ya sikio. Sasa palikuwa na maneno ya watu wawili. Muuza nyama alimfuata Kupe chumbani.

"Wewe ulikuwa sokoni siku ile. Ulimwona yule mgeni?"

"Nilimwona."

"Basi andika. Weka na tarehe."

"Nikiandika leo ni karatasi tu. Risiti inaandikwa wote wakiwa wamesimama."

"Kwa hiyo huna faida."

"Mwaka huu sina," Kupe alikubali. Muuza nyama alipoteza mbuzi na fedha.

Kufikia mwezi wa nane walikuwa wamemchoka. Mtu anayepita kila asubuhi, anakuangalia, anasogeza midomo kidogo kama anayehesabu, na kweli alikuwa akihesabu, hakuweza kuacha. Mtu huyo bila kitabu anatisha kuliko akiwa nacho. Mwenye Magunia ndiye aliyelisema, mbele ya kadamnasi.

"Mnadhani anatembea kunyoosha miguu? Anatuweka kichwani huyo. Mwaka ukiisha atakuja kutudai ya nyuma, siku kwa siku."

"Siandiki kitu," Kupe alisema.

"Fungua mfuko tuone."

Alifungua. Mlikuwa na leso, ufunguo, na sindano moja ndani ya karatasi yenye mwandiko wake. Mtu akaichukua, akaisoma kwa sauti: namba thelathini na moja, kiasi, tarehe ya mwaka uliopita.

"Si hii? Ushahidi huu hapa."

Wengi walijua ni ya sindano. Wengine walikuwa na kama hiyo nyumbani. Lakini kicheko kilishaanza, na mama mmoja muuza mchicha, ambaye Kupe alimjua tangu akiwa amebebwa mgongoni, alimwambia kwa upole uliomuuma kuliko kicheko: "Kaka, usinipitie tena bwana. Unanitia mkosi."

Alirudi chumbani, akairudisha sindano drooni. Jumapili mkewe aliuliza, "Huko unangoja nini?" Kwa mara ya kwanza hakusema ana kazi. Alisema, "Mwaka uishe. Kodi zikirudi nitabaki. Zisiporudi nakuja."

"Na unataka lipi?"

Aliuliza kama wajukuu wameshalala.

Hakutoka tena asubuhi. Aliketi dirishani, akaangalia soko kwa mbali. Mlango wa buluu haukuonekana kutoka pale. Alijiambia ataenda akipoa hasira, na kifungo kilikuwa sababu ya kutosha, maana kilikuwa kimeshaanguka na alikihifadhi kwenye kikombe. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alikuwa na kiburi chake kidogo, cha mtu aliyezoea kutukanwa akiwa na koti na sasa anatukanwa hana cheo. Katikati ya siku hizo mvua ilinyesha usiku kucha. Mtaro uliokuwa haujazibuliwa kwa miezi mitatu ulijaa ukamwagikia kichochoroni.

Siku ya tisa alikwenda dukani kununua mafuta ya jiko. Mtoto wa shule alikuwa akiulizia sindano.

"Sindano mfuate Bibi," muuza duka alimwambia.

"Hafungui. Mama kanituma jana na leo."

"Labda kaenda kwa watu wake."

"Watu wake gani?" Kupe aliuliza.

Muuza duka alifikiri. "Si ana mpwa sijui wapi."

"Umemwona lini?"

"Mimi? Nilidhani jirani yake anamwona."

Kupe aliacha chupa ya mafuta juu ya meza. Njiani alimuuliza jirani, aliyesema alidhani muuza duka anajua. Kila mmoja alikuwa na mwingine wa kumdhania. Kichochoro kilikuwa tope tupu, na kwenye kizingiti cha mlango wa buluu palikuwa na alama ndefu ya kiatu kilichoteleza. Aligonga. Hakuulizwa ni nani. Alisukuma.

Alikuwa sakafuni kati ya kitanda na mlango, mguu umepinda vibaya, kanga amejifunika mpaka kidevuni. Alikuwa ameweza kuuvuta mtungi wa maji mpaka karibu. Ulikuwa mtupu. Alifungua macho akamtazama, na macho yalichukua muda kumfikia.

"Umechelewa leo," alisema.

Kupe alipiga magoti.

"Nilikuwa nasikiliza. Saa moja, nasikiliza. Nikasema leo atakuja."

Alikuwa amelala pale siku tatu. Miaka yote aliyoamini kuwa hakuna anayemngoja, alikuwepo mmoja, na huyo alikuwa amemngojea sakafuni wakati yeye anabembeleza kiburi chake dirishani.

Waliung'oa mlango, wakambeba juu yake hadi zahanati. Nyonga ilikuwa imevunjika. Baada ya wiki mbili mpwa wake alipatikana, akaja na gari la kukodi kumchukua. Kupe alikuwepo. Alikuwa amejipanga kusema mambo, lakini mpwa alikuwa na haraka na dereva alikuwa akipiga honi.

"Kifungo?" Bibi Sindano alimuuliza akiwa ameshalazwa kiti cha nyuma.

"Nimekiacha nyumbani, kwenye kikombe."

"Wewe kila kitu kesho," alisema, na mlango ukafungwa.

Mkutano wa mwisho wa mwaka ulijaa. Mwenyekiti, safari hii bila uchangamfu, aliuliza kama kodi zirudi. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuomba kutozwa. Wengine walisema zirudi lakini watu walipe kwa simu, mambo ya kisasa. Mwenye Magunia alisimama na kupendekeza kazi itolewe kwa zabuni. Yeye mwenyewe alikuwa tayari kulipa kijiji fedha taslimu mwanzo wa mwaka, kisha akusanye atakavyoona. Palikuwa na minong'ono ya kukubali, kwa sababu hundi bado ilikuwa tamu masikioni.

Mwenyekiti alimgeukia Kupe. "Wewe una maoni?"

Alisimama. Alijua akisema zirudi, wataona anaombea mkate wake, na wangekuwa sawa. Aliniambia kwamba alitamani kodi zirudi kila siku ya mwaka ule, na sasa zilikuwa mlangoni, zimeletwa na nyonga ya bikizee.

"Mimi si wa kuulizwa," alisema. "Nitakula kwenye jibu. Ila nawaambia mlichonilipia miaka yote. Mlinilipa niandike kistari pasipo na mtu. Mwaka huu hakuna aliyeandika."

Akaketi. Aliyesimama baada yake ni mama wa mchicha.

"Simu haitajua kama nipo," alisema akitazama chini. "Na huyu wa magunia atajua nikikosa kulipa. Nikikosa pumzi hatajua. Zirudi. Na azunguke yeye."

Mikono ikapanda taratibu, ya kwanza, ya pili, kisha mingi. Hakuna aliyepiga makofi. Walikubaliana pia kwamba anayetandika eneo la wawili alipe kwa wawili, magunia yenye makapi yakiwemo.

Jumapili simu ilipigwa.

"Zimerudi," Kupe alisema.

"Basi huji."

"Siji."

"Umekula?"

"Nimekula."

Usiku kabla ya siku ya kwanza alichukua kifungo kutoka kwenye kikombe, akafungua droo. Sindano nane. Alifungua karatasi ya mojawapo. Namba thelathini na moja, mwandiko wake, ule wa kama anakimbizwa. Alijaribu kupitisha uzi tunduni. Bibi Sindano aliwapitishia wateja wote bila hata kutazama, kwa kupapasa. Yeye alilowesha uzi, akausogeza kwenye taa, akajaribu tena na tena, ukakataa. Akaikunja sindano ndani ya karatasi yake, akairudisha pamoja na nyingine.

Asubuhi aliandika namba zote upya kwa chokaa. Saa moja alianzia kwa wauza mboga. Walilalamika, wakatafuta sarafu, wakasema hawajauza kitu. Alichana, akakabidhi.

"Kupe, koti lako lina dirisha. Kifungo kimekwenda wapi?"

"Kipo nyumbani."

"Kinafanya nini huko?"

"Kinangoja."

Walicheka, akaendelea. Bombani kijana mgeni alikuwa ameshatandika redio ndogo juu ya namba thelathini na moja, sarafu mkononi. Nilikuwa nimesimama karibu. Nilidhani atamfukuza, na nadhani hata yeye alidhani. Alitazama namba, chokaa yake bado mbichi, akamtazama kijana.

"Wewe ni nani?" alimuuliza.

Kijana alimwambia. Kupe aliuliza pia anakaa wapi, na anakaa na nani. Kijana alisema peke yake. Kupe aliandika polepole, kwa mwandiko wa kusomeka, akachana karatasi ya juu, akampa.

"Itunze," alimwambia. "Ni ngumu kidogo. Inafaa kufungia vitu."